Kuosha vyombo vya kioo kwa vipimo vya kiasi kidogo mno: lini sabuni, lini asidi, lini kiyeyushi

Kila muhula naletewa matokeo ya aina ileile. Maji ya kisima yamepimwa risasi, mstari wa standadi, yaani miyeyusho yenye kiasi cha risasi kinachojulikana, umenyooka vizuri, lakini blanki, yaani maji safi yasiyo na sampuli, inasoma karibu sawa na sampuli yenyewe. Mwanafunzi analaumu mashine. Mara nyingi kosa limeanzia kwenye sinki.

Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kuandaa chupa za ujazo za mililita 100 kwa ajili ya kupima risasi kwenye maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango elekezi cha mikrogramu 10 za risasi kwa lita, kwa hiyo uchafu usioonekana kwa macho unatosha kugeuza jibu. Baada ya risasi nitaeleza kinachobadilika unapopima viuatilifu, kwa sababu hapo ndipo wengi huchanganya njia mbili zisizopaswa kuchanganywa.

## Vitu vya kuandaa

- Sabuni ya maabara isiyo na fosfeti
- Brashi za nailoni, zisizo na waya unaogusa kioo
- Asidi ya nitriki kali (asilimia 65 hadi 70)
- Beseni la plastiki ya polithini lenye mfuniko, la lita 15 au zaidi
- Maji yaliyokenekwa, na maji safi zaidi kutoka mashine ya kusafishia maji kwa suuzo la mwisho
- Koleo la plastiki, mifuko ya plastiki yenye zipu, neli za plastiki safi
- Glavu za nitrili zisizo na unga, miwani ya kinga, koti na aproni
- Asetoni kidogo ya kufutia lebo na wino; kwa viuatilifu, asetoni na heksani za daraja la kupimia mabaki, na foili ya alumini

Usichukulie glavu kwa wepesi. Unga wa baadhi ya glavu una zinki na kalisi, na mpira wenyewe hutengenezwa kwa oksidi ya zinki. Anayepima zinki akiwa amevaa glavu za unga anapima glavu zake.

## Kabla ya kufungua bomba: unapima nini?

Hakuna njia moja ya kuosha inayofaa vipimo vyote. Sabuni huondoa mafuta na vumbi. Asidi hung'oa metali zilizonata kwenye kioo. Kiyeyushi huondoa kemikali za kaboni zisizopenda maji. Kila kimoja kati ya hivyo kinaweza pia kuacha kitu ambacho wewe ndicho unachokitafuta.

Ukipima risasi, kadimi au shaba, tumia sabuni kisha asidi ya nitriki.

Ukipima nitrati, usiguse asidi ya nitriki kabisa, maana yenyewe ndiyo nitrati. Tumia asidi ya hidrokloriki ya asilimia 10. Ukipima fosfeti, asidi hiyo hiyo ya hidrokloriki inafaa, na sabuni yenye fosfeti iondoke kwenye chumba hicho. Nimeona kundi zima la sampuli za maji ya ziwa likitupwa kwa sababu mtu alileta sabuni ya unga ya kufulia pale ya maabara ilipoisha.

Ukipima viuatilifu, tumia sabuni, kisha asetoni, kisha heksani.

Lakini sabuni hutangulia katika kila njia. Asidi ya asilimia 10 haiyeyushi mafuta, na alama ya kidole yenye mafuta huikinga sehemu ile ya kioo isiguswe na asidi. Anayeruka sabuni na kwenda moja kwa moja kwenye beseni la asidi anapoteza siku nzima.

## Hatua ya 1: Tenganisha vyombo

Chagua chupa zitakazotumika kwa risasi tu, uzipe namba, na uandike namba hizo kwenye daftari. Kama una chupa za plastiki ya polipropilini au polithini, zitumie badala ya kioo kwa kazi ya metali, kwa kuwa hazinasi risasi kwa nguvu kama kioo. Wengi wetu hatuna za kutosha, ndiyo maana tunaosha kioo.

Tenga kabisa chupa za kutengenezea standadi. Hesabu hii itaonyesha kwa nini.

Chupa ya mililita 100 ilikuwa na standadi ya miligramu 10 za risasi kwa lita. Umeimwaga, na utando mwembamba wa mililita 0.1 umebaki ukutani. Utando huo una mikrogramu 1 ya risasi. Ukijaza chupa hiyo maji safi bila kusuuza, utapata mikrogramu 10 kwa lita, yaani kiwango elekezi chote kimetoka kwenye utando ambao jicho halioni.

Tupa pia chupa zenye mikwaruzo ndani au ukungu mweupe usiotoka. Mkwaruzo huficha uchafu mahali ambapo brashi haifiki.

Dalili ya mafanikio: kila chupa ina namba, na unajua ilitumika kwa nini mara ya mwisho.

## Hatua ya 2: Sabuni

Ondoa kwanza lebo, gundi na wino wa kalamu ya alama kwa kitambaa chenye asetoni kidogo, upande wa nje tu, kisha suuza kwa maji mengi. Asetoni isibaki kwenye chombo kinachoelekea kwenye asidi ya nitriki. Viwili hivyo vikikutana kwa nguvu vinaweza kuwaka au kulipuka.

Changanya sabuni kwa maji ya uvuguvugu kufuata maelekezo ya kopo. Nyingi hutaka asilimia 1 hadi 2. Kuzidisha sabuni hakuongezi usafi, kunaongeza kazi ya kusuuza. Sabuni ya kuoshea vyombo vya jikoni haifai, kwa kuwa ina manukato, rangi na vilainishi vya ngozi vinavyoacha utando.

Sugua ndani kwa brashi ya nailoni, shingo na kizibo pia. Shingoni ndipo kidole hugusa, na ndipo mimi hukuta mafuta mara nyingi zaidi. Usiloweke chupa za ujazo usiku kucha kwenye sabuni ya alkali yenye joto, maana alkali hula kioo polepole na ujazo uliopimwa kiwandani hubadilika.

Suuza kwa maji ya bomba hadi povu liishe, kisha mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Hapa namna ya kusuuza ina uzito kuliko wingi wa maji. Suuzo moja la mililita 30 likiacha utando wa mililita 0.1, linabakisha sehemu 1 kati ya 300 ya uchafu. Maji yale yale yakigawanywa mara tatu, mililita 10 kila mara, yanabakisha sehemu 1 kati ya 1,000,000. Mimina kidogo, zungusha chupa ili maji yaguse ukuta wote, mwaga yote, rudia.

Dalili ya mafanikio: pindua chupa iliyolowa na uitazame dhidi ya mwanga. Maji yateremke kama pazia moja lisilokatika. Yakijikusanya kuwa matone yaliyoganda ukutani, kuna mafuta, na chupa irudi kwenye sabuni. Usiipeleke kwenye asidi ukitumaini itamalizia.

## Hatua ya 3: Beseni la asidi

Mwanafunzi mmoja aliniletea chupa yake huku ameishika kwa mikono miwili.

"Mwalimu, hii nimeisuuza mara nane. Nilikuwa nahesabu."

"Kwa maji gani?"

"Yaliyokenekwa. Na maji yanateremka kama pazia, angalia."

Alikuwa amefanya vizuri kila kitu ambacho maji yanaweza kufanya. Ila hesabu ya kusuuza niliyoitoa hapo juu inahusu uchafu ulio ndani ya utando wa maji. Haihusu risasi iliyoshikwa na kioo chenyewe. Uso wa kioo una sehemu zenye chaji hasi, na ayoni za risasi zenye chaji chanya hukaa hapo zikang'ang'ania. Maji safi hayana cha kuzisukuma. Kisha unakuja na sampuli uliyoiwekea asidi ya nitriki ya asilimia 1, kama inavyotakiwa kwa kuhifadhi sampuli za metali, na ayoni za hidrojeni kwenye asidi hiyo zinachukua nafasi ya risasi. Risasi inaachia, inaingia kwenye sampuli yako, na mashine inaisoma kwa uaminifu wote. Beseni la asidi linafanya kazi hiyo hiyo mapema, kabla sampuli haijaingia.

Kuandaa lita 10, fanya kazi ndani ya kabati la kuvuta moshi. Weka kwanza lita 9 za maji yaliyokenekwa kwenye beseni, kisha mimina lita 1 ya asidi kali polepole ukikoroga kwa kijiti cha plastiki. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi kali. Kinyume chake mchanganyiko huchemka ghafla na kuruka usoni. Tone la asidi ya nitriki kali likigusa ngozi huacha doa la manjano ambalo halitoki kwa sabuni. Linaondoka ngozi ile inapobambuka. Ukiguswa, osha kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 15.

Zamisha chupa moja moja kwa kuilaza, uijaze, kisha uinamishe hadi povu la hewa litoke shingoni. Hewa ikibaki, sehemu hiyo haijaoshwa, na kosa hili ni la kawaida kuliko yote niliyowahi kuona kwenye beseni. Vizibo navyo viingie. Funika, andika tarehe, acha saa 24.

Watu huuliza kama asidi kali isiyochanganywa ingefanya kazi haraka zaidi. Hatari inaongezeka sana na faida ni ndogo. Muda wa kuloweka ndio unaofanya kazi. Na yule anayekushauri mchanganyiko wa zamani wa asidi ya kromiki, mkatalie. Kromiamu yake husababisha saratani, na yenyewe hunata kwenye kioo na kujitokeza baadaye kwenye vipimo.

Beseni halidumu milele. Kila chupa inayoingia huacha risasi kidogo, na mwishowe asidi inakuwa chanzo cha uchafu. Chota mililita chache kila wiki mbili, uzipunguze makali kwa maji safi na uzipime kama sampuli. Risasi ikianza kupanda, badilisha.

## Hatua ya 4: Suuza, kausha, funika

Toa chupa kwa koleo la plastiki, maana koleo la chuma linaanza kuyeyuka humo na kuchafua beseni. Mwaga asidi irudi kwenye beseni. Suuza mara tano kwa maji safi ya mashine, kidogo kidogo kama ulivyofanya awali. Suuzo la kwanza liende kwenye chombo cha taka za asidi.

Baada ya asidi, maji ya bomba yasiguse tena chupa hiyo. Mabomba na viungio vyake vinaweza kutoa risasi, shaba na zinki, na kioo kilichotoka tu kwenye asidi kiko tayari kuzipokea. Utapoteza saa zako 24 kwa sekunde tatu.

Kausha kwa kupindua juu ya chanja ya plastiki iliyofunikwa dhidi ya vumbi. Usipanguse ndani kwa karatasi au kitambaa. Chupa za ujazo usizitie kwenye oveni yenye joto kali. Kwa kweli haihitajiki kukauka kabisa. Kama utajaza hadi alama kwa maji safi yale yale, matone yaliyobaki hayadhuru.

Chupa isiyotumika siku hiyo ifungwe kwa kizibo chake na kuwekwa kwenye mfuko wa zipu. Ikikaa zaidi ya wiki, mimi huijaza asidi ya nitriki ya asilimia 1 na kuimwaga siku ya kazi.

## Hatua ya 5: Uliza blanki

Pazia la maji linathibitisha kwamba mafuta yametoka. Kuhusu risasi halisemi lolote. Jibu liko kwenye blanki.

Tengeneza asidi ya nitriki ya asilimia 1 kwa maji safi ya mashine. Weka sehemu moja, moja kwa moja, kwenye neli ya plastiki safi ambayo haijawahi kugusana na kioo. Iite A. Sehemu iliyobaki ijaze kwenye chupa ulizoosha, acha usiku kucha, kisha pima zote kwa mashine ileile utakayotumia kwa sampuli. Hizi ni B.

Tuseme A imesoma mikrogramu 0.2 kwa lita, na chupa saba zimesoma hivi: 0.2, 0.3, 0.2, 0.3, 0.2, 4.1, 0.3.

Kwanza, A iko chini, kwa hiyo maji na asidi ni safi. Kama A ingesoma 4, kuosha vyombo upya kusingesaidia chochote, kwa sababu uchafu ungekuwa kwenye maji au kwenye chupa ya asidi. Watu wengi huosha mara tatu, mara nne, bila kujua kwamba wanasuuza kwa maji machafu.

Pili, chupa sita ziko karibu sana na A. Kuosha kumefaulu.

Tatu, chupa namba 6 imesimama peke yake. Hapo daftari la hatua ya kwanza linalipa. Ukilifungua ukakuta namba 6 ilitengenezewa standadi ya miligramu 10, umepata sababu. Imwage, ijaze tena asidi ya asilimia 1, acha usiku, pima. Ikishuka hadi 1.5, kisha 0.6, risasi iliyobaki inatoka taratibu na beseni la siku nyingine litaimaliza. Ikibaki 4 kila mara, kuna kitu kinachoendelea kutoa risasi, pengine mkwaruzo au kizibo, na chupa hiyo isitumike kwa risasi tena.

Dalili ya mafanikio: kwa kazi ya mikrogramu 10 kwa lita, mimi sikubali chupa inayosoma zaidi ya 0.5. Usikimbilie kutoa blanki kwenye matokeo ili kuficha tatizo. Unaweza kutoa blanki iliyo ndogo na isiyobadilika. Ile inayoruka kutoka 0.2 hadi 4.1 huwezi, kwa kuwa hujui sampuli ipi iliangukia chupa ipi.

## Ukipima viuatilifu: viyeyushi mahali pa asidi

Hatua ya 1 na ya 2 zinabaki vilevile. Tofauti inaanza baada ya maji yaliyokenekwa.

Suuza kwa asetoni mara tatu, kidogo kidogo, kisha kwa heksani mara tatu. Mpangilio huu haugeuzwi. Heksani haichanganyiki na maji. Ukiimimina kwenye kioo kilicholowa, inateleza juu ya maji na uchafu ulio chini yake unabaki palepale. Asetoni inachanganyika na maji na pia na heksani, kwa hiyo inaondoa maji kwanza na kuifungulia heksani njia. Kama unachambulia sampuli kwa kiyeyushi kingine, suuzo la mwisho liwe la kiyeyushi hicho.

Fanya yote kwenye kabati la kuvuta moshi, mbali na moto na cheche. Viyeyushi vikae kwenye chupa za kioo au za teflon. Chupa laini ya plastiki ya kubinya huachia kemikali za plastiki ndani ya asetoni, na hizo zinatokea kwenye kromatografia ya gesi kama vilele virefu vinavyofunika unachotafuta. Kwa sababu hiyo hiyo, mdomo wa chombo ufunikwe kwa foili ya alumini iliyosuuzwa kwa heksani, si kwa utando wa plastiki.

Bika na chupa za kawaida, zikishakauka kabisa na kutobaki harufu ya kiyeyushi, unaweza kuziunguza kwenye tanuri kwa nyuzi 400 kwa saa 4. Vyombo vya ujazo, pipeti na vyote vyenye alama za kupimia visiingie humo.

Blanki yake ni hii: kusanya heksani ya suuzo la mwisho, ipunguze kwa mkondo wa nitrojeni hadi mililita 1, na uiingize kwenye mashine. Mahali ambapo kilele cha kiuatilifu chako kingetokea pawe bapa. Fanya hivyo pia kwa heksani iliyotoka moja kwa moja kwenye chupa yake, kwa sababu ile ile iliyotufanya tupime A.

## Hatua ya mwisho: taka

Asidi ya beseni iliyochoka ina metali ulizoziosha. Ihifadhi kwenye chombo cha taka za asidi zenye metali na ufuate utaratibu wa maabara yako. Ukitakiwa kuondoa ukali wake wa asidi kwanza, ongeza sodiamu baikaboneti kidogo kidogo ndani ya kabati la kuvuta moshi. Itatoa povu jingi, basi tumia ndoo kubwa. Beseni la lita 10 tulilotengeneza litahitaji takriban kilo 1.2. Pima kwa karatasi ya pH hadi ifike kati ya 6 na 8.

Asetoni na heksani zina chombo chao, chenye lebo yake, na kikae kabati tofauti na la asidi. Taka za asidi ya nitriki na taka za viyeyushi zisiingie chupa moja, hata kwa matone. Mchanganyiko huo unaweza kukaa kimya kwa saa kadhaa, ukapata joto taratibu, ukatoa gesi ya kahawia na kupasua chupa iliyofungwa wakati hakuna mtu chumbani. Ukikuta chupa ya taka imevimba, ina joto au inatoa moshi wa kahawia, usiiguse wala kuifungua. Toa watu nje, funga mlango, mwite msimamizi wa usalama.